Dondoo muhimu: Mota ya hatua isiruke hatua

Kwenye draiva ya A4988, anza na kikomo cha mkondo kabla ya kuunganisha mota. Tazama vipinzani viwili vidogo kando ya chipu. Vikiandikwa R100, yaani omu 0.1, kanuni ni hii:

```
VREF = 8 × I × 0.1
```

Ukitaka ampea 1, zungusha skrubu taratibu mpaka mita isome volti 0.8 kati yake na GND. Usichomoe waya wa mota umeme ukiwa umewashwa. Chipu inaweza kuungua papo hapo.

MS1, MS2 na MS3 zote zikipewa volti za juu, kila hatua hugawanywa mara 16, hivyo mota ya hatua 200 huhitaji mapigo 3200 kwa mzunguko. Mwendo unakuwa laini, lakini nguvu haiongezeki.

Sasa chora mstari wa kalamu kwenye shafti na fremu, kisha iendeshe mota mbele na nyuma, mzigo ukiwepo. Mstari usiporudi mahali pake, hatua zimepotea. Punguza kwanza kasi ya kuongeza mwendo. Kwa maoni yangu ndiko kosa huanzia mara nyingi. Mkondo uongezwe baadaye, bila kuvuka kiwango cha mota.