Jua Haki Zako: Mhandisi Anapokataa kwa Barua Kuongeza Ghorofa

Mhandisi wa miundo, yaani mtaalamu anayekokotoa uzito ambao nguzo, boriti na msingi wa jengo vinaweza kubeba, hulipwa na mwenye jengo, lakini wajibu wake hauishii kwa anayemlipa. Nchini Tanzania anafanya kazi hiyo kwa usajili unaotolewa chini ya Sheria ya Usajili wa Wahandisi, Sura ya 63, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi inaweza kumfutia usajili huo ikibainika kuwa amekiuka maadili ya taaluma. Kwa hiyo mteja anapomwagiza jambo linalovunja kanuni za usalama, mhandisi hana hiari ya kulitekeleza, hata kama mteja yuko tayari kutia saini kwamba atabeba lawama zote, kwa sababu mpangaji na mpita njia hawakuwapo wakati saini hiyo inatiwa.

Mfano ulio wa kawaida mijini ni wa jengo lililosanifiwa na kupewa kibali kwa slabu nne, yaani sakafu za zege zinazobebwa na nguzo, ambalo mwenyewe anaagiza ziongezwe mbili wakati ujenzi unaendelea. Ichukuliwe kwamba nguzo moja ya katikati inapokea uzito wa eneo la mita 5 kwa 5 katika kila slabu, na kwamba kila slabu, pamoja na kuta na watu, huishushia nguzo hiyo takriban tani 25. Slabu nne ni tani 100. Kitako cha msingi chenye mita 2.3 kila upande kina eneo la mita za mraba 5.3 hivi, kwa hiyo udongo unabanwa kwa tani 19 kwa kila mita ya mraba, na kama upimaji wa udongo uliruhusu tani 20, jengo liko salama. Slabu zikiwa sita, uzito unafika tani 150 na udongo unabanwa kwa zaidi ya tani 28. Hapo kitako kimoja kikizama kuliko jirani yake, nyufa za mshazari huanza kwenye pembe za madirisha na milango hukwama, dalili ambazo mpangaji yeyote anaweza kuziona na ana haki ya kuziripoti kwa halmashauri.

Mteja hujibu mara nyingi kwamba wahandisi huweka akiba ya usalama, yaani nguvu inayozidi uzito uliokadiriwa, na kwamba akiba hiyo itatosha. Hoja hii ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa kuwa akiba hiyo imewekwa kwa ajili ya zege lililozidishiwa maji, nondo zilizosogea wakati wa kumwaga na udongo usiofanana na sampuli iliyopimwa, nayo huenda imekwisha kuliwa kabla slabu ya tano haijafikiriwa. Jengo lililoporomoka katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, Machi 29, 2013, na kuua watu 36, lilielezwa kuwa na kibali cha ghorofa 10 ilhali ujenzi ulikuwa umefika 16.

Barua ya kukataa inapaswa kulinukuu agizo kama lilivyotolewa, pamoja na tarehe yake, hata kama lilitolewa kwa mdomo pale mtambo wa kuchanganyia zege ulipo. Kisha itaje mchoro na sharti la kibali linalovunjwa, ionyeshe hesabu, na iseme bila kuzunguka: “Umwagaji wa slabu ya tano hautasimamiwa wala kuidhinishwa, na saini iliyopo kwenye michoro inahusu slabu nne pekee.” Nakala kwa mamlaka iliyotoa kibali inafaa pale mteja anapoendelea na ujenzi, kwani siri ya kikazi haifuniki hatari kwa maisha ya watu.

Kukataa huku si kuvunja mkataba. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinayahesabu kuwa batili makubaliano ambayo lengo lake limekatazwa na sheria au linaleta madhara kwa mwili au mali ya mtu, hivyo mteja hawezi kudai fidia kwa agizo la namna hiyo, wala kuzuia malipo ya kazi iliyokwisha kufanyika kihalali.

Hata hivyo mteja naye ana haki zake. Anastahili kupewa sababu kwa maandishi, kutafuta maoni ya mhandisi mwingine aliyesajiliwa, na kulalamika kwa Bodi akiona kukataa huko hakuna msingi. Anaweza pia kuomba usanifu mpya, ambapo udongo utapimwa upya, vipande vya zege vitakatwa kutoka kwenye nguzo na kubanwa maabara, nguzo na vitako vitapanuliwa inapowezekana, na kibali kipya kitaombwa kabla ya kazi kuendelea. Vitako visipoweza kupanuliwa kwa sababu vimegusa mpaka wa jirani, jengo hubaki na slabu nne.