Transfoma ya Nyumbani: Volti Zikipungua, Ampea Huongezeka

Mtumiaji aliyeletewa kikaangio cha umeme kutoka Marekani hukuta kibandiko chake kimeandikwa volti 115 na wati 690, ilhali umeme wa nyumbani kwake ni volti 230. Dukani huuziwa transfoma ya kupunguza volti. Kabla ya kulipa, inampasa kuelewa kifaa hicho kinabadili nini na hakibadili nini.

Ndani ya transfoma ya kawaida mna koili mbili za waya zilizozungushwa kwenye kiini cha chuma. Umeme wa ukutani huingia koili ya kwanza na kuzalisha nguvu ya sumaku inayobadilika daima. Sumaku hiyo hupita katika koili zote mbili, hivyo kila mzunguko wa waya hupata volti sawa. Tuchukulie koili ya kwanza ina mizunguko 460 na ya pili 230. Volti 230 zikigawanywa kwa mizunguko 460, kila mzunguko hupata nusu volti. Kwa hiyo koili ya pili hutoa volti 115.

Kikaangio sasa huvuta ampea 6, kwa kuwa 115 mara 6 ni wati 690. Mkondo huo nao huzaa sumaku inayopinga ile ya kwanza, na koili ya kwanza hulazimika kuvuta mkondo zaidi ili kuisawazisha. Mizunguko 230 yenye ampea 6 husawazishwa na mizunguko 460 yenye ampea 3. Volti zimepungua nusu, ampea zimeongezeka maradufu, na wati zimebaki karibu zilezile: 230 mara 3 ni 690 pia.

Tumesema “karibu” kwa sababu sehemu ya umeme hupotea kuwa joto katika waya na chuma. Iwapo hasara ni wati 36, mita ya nyumbani itahesabu wati 726. Basi muuzaji akidai kuwa transfoma hupunguza bili kwa sababu hupunguza volti, dai hilo si kweli.

Hatari kubwa zaidi ni kununua transfoma ndogo. Kifaa kilichoandikwa 500 VA kinaweza kutoa volti 115 barabara, lakini waya wake umekadiriwa kubeba ampea 4.3 tu. Ukikipitishia ampea 6, joto la waya hukaribia maradufu. Dalili zake ni kasha lisiloshikika kwa moto na harufu ya vanishi inayoungua. Ukiziona, zima umeme na uchomoe plagi mara moja.

Kwa hiyo, usitosheke na volti. Soma pia VA, na uchague transfoma inayozidi wati za kifaa chako. Kwa kikaangio hiki, 1000 VA inafaa.