Kumsafisha Meno Mtoto Mwenye Usonji au Ulemavu wa Viungo Nyumbani

Ndugu mzazi au mlezi, somo hili linamhusu mtoto asiyeweza kushika mswaki vizuri, na mtoto anayeweza kuushika lakini hakubali uingie kinywani. Kwa nje watoto hao wawili hufanana, kwa kuwa wote hufumba mdomo, hugeuza kichwa na hulia. Sababu zao, hata hivyo, ni tofauti. Mmoja huzuiwa na misuli ya mwili wake, na mwingine huzuiwa na jinsi anavyohisi ladha, povu na mguso. Anayetumia njia ya mmoja kwa mwingine huchoka bure, na wakati mwingine humweka mtoto hatarini. Kwa hiyo tutaeleza kila hali peke yake, tukitumia mfano wa kaya moja ya Mbaha, kando ya Ziwa Nyasa.

Tuseme katika kaya hiyo bibi analea wajukuu wawili. Wa kwanza ni msichana wa miaka 7 mwenye mtindio wa ubongo. Hawezi kuketi bila kuegemezwa, shingo yake hukakamaa na kurudi nyuma, na hula uji na ugali wa muhogo uliolainishwa kwa mchuzi. Wa pili ni mvulana wa miaka 5 mwenye usonji. Anatembea na kukimbia, lakini akiona mswaki huziba masikio na kukimbilia nje.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo: anza na kichwa

Walezi wengi humlaza mtoto wa namna hii chali ili waone ndani ya kinywa. Kichwa kikirudi nyuma, njia ya hewa hubaki wazi na mate yaliyochanganyika na dawa ya meno huweza kuteremka mapafuni badala ya kumezwa. Mtoto huyo hupaliwa, na hali hiyo ikijirudia huweza kupata homa ya mapafu. Hivyo jambo la kwanza la kubadilisha ni mkao, kabla ya kufikiria mswaki.

Bibi na aketi kwenye mkeka, mgongo wake ukiegemea ukuta, na amketishe mtoto mbele yake katikati ya miguu, mgongo wa mtoto ukiwa kifuani pake. Magoti ya mtoto yakunjwe kidogo, maana miguu iliyonyooka na kukakamaa huvuta shingo nayo irudi nyuma. Mkono wa kushoto wa bibi uzunguke kichwa na kukishikilia, kiganja kikiwa chini ya kidevu, na kidevu kielekee chini kidogo kuelekea kifua. Mkono wa kulia ndio unaopiga mswaki. Kwa mtoto mkubwa aliye mzito, kiti chenye mgongo hufaa, mlezi akisimama nyuma yake. Asiyeweza kabisa kuketi alazwe ubavu, kichwa kikiwa juu ya mto mdogo, ili mate yatoke kwa pembe ya mdomo na kupokelewa na kitambaa.

Kabla ya mswaki kuingia, chunguza mashavu. Mtoto ambaye ulimi wake hausogei vizuri hubaki na chakula kati ya shavu na fizi, na muhogo ulionata hapo usiku kucha huwa chakula cha vijidudu vinavyotoboa meno. Kiondoe kwa mswaki uliolowa maji. Usitumie kidole, kwa sababu mtoto huyu anaweza kuuma bila kukusudia.

Kuuma huko hutokea kitu kinapogusa meno au ulimi ghafla. Mswaki ukishikwa na meno, usiuvute. Ukiuvuta, taya hukaza zaidi na jino linaweza kuvunjika. Tulia, usiseme kwa sauti kali, hakikisha kidevu kimeelekea chini, na usubiri hadi taya ilegee. Ili kupunguza hali hiyo, ingiza mswaki kwa pembe ya mdomo, uuteleze ndani ya shavu, kisha anza na meno ya nyuma. Fizi za mbele ndizo hushtuka upesi, kwa hiyo ziachwe mwisho.

Gawa kinywa katika sehemu sita: juu kulia, juu mbele, juu kushoto, na vivyo hivyo chini. Hesabu polepole hadi 20 kwa kila sehemu, nawe utakuwa umefikisha kama dakika mbili. Mtoto akichoka katikati, safisha sehemu tatu za juu asubuhi na tatu za chini mchana, lakini usiku kabla ya kulala zote sita zisafishwe, kwa kuwa mate hupungua mtu anapolala na meno hukosa kinga yake.

Kiasi cha dawa ya meno

Dawa yenye madini ya floridi ndiyo inayokinga meno yasitoboke. Kwenye boksi au tyubu tafuta tarakimu kati ya 1000 na 1500 inayofuatwa na herufi ppm, pamoja na tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya ubora ya TBS. Tyubu iliyoanikwa juani gulioni, iliyovimba au isiyosomeka maandishi, usiinunue.

Mtoto wa chini ya miaka 3 hutumia kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere. Msichana wetu ana miaka 7, lakini hawezi kutema. Kwa hiyo apewe kiasi cha punje ya mchele tu, na kisukumwe ndani ya nyuzi za mswaki kwa kidole ili kisidondoke kooni kwa donge. Ukimaliza, futa mate na povu kwa kitambaa safi cha pamba. Usimsukutulishe kwa maji. Maji huweza kumpalia, tena huondoa floridi ambayo tunataka ibaki juu ya meno. Hata anayeweza kutema, ateme tu na asisukutue.

Mswaki uwe wa kichwa kidogo na nyuzi laini. Mti wa mswaki haufai kwa mtoto anayeuma, kwa kuwa nyuzi zake huweza kukatika na kubaki kooni. Mkaa na chumvi navyo tusivitumie: mkaa hukwangua meno, na vyote viwili havina floridi.

Ikiwa mtoto anaweza kukunja vidole, mwache ashike mswaki wake mwenyewe kwanza. Toboa tundu katikati ya kipande cha ndala kuukuu kilichooshwa, upitishe mpini wa mswaki humo, na mpini utajaa kiganjani. Kipande hicho kichomolewe na kuanikwa kila siku. Tusizungushie kitambaa, maana hubaki na unyevu na kuota ukungu. Baada ya mtoto kujaribu, mlezi ndiye anayekamilisha.

Mtoto mwenye usonji: punguza kinachomshtua

Mvulana wetu misuli yake haina tatizo. Kinachomkimbiza huenda ni ladha kali ya mnanaa, povu, au mguso wa nyuzi kwenye midomo. Ili kujua ni kipi, badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Siku tatu tumia mswaki uliolowa maji bila dawa. Akikubali, kikwazo kilikuwa dawa, na itafaa kutafuta isiyo na ladha kali au yenye povu kidogo, kisha kuirudisha kwa kuipaka kidogo mno. Akiendelea kukataa hata kwa maji, kikwazo ni mguso.

Mguso huzoeshwa kwa kutoka mbali na kinywa. Kwa siku mbili au tatu, gusa kiganja chake kwa mswaki huku ukihesabu hadi 5. Kisha nenda kwenye mkono, bega, shavu, mdomo, na mwisho meno ya mbele. Usisogee hatua inayofuata kabla hajatulia katika hatua iliyopo. Mguso wa kukandamiza kidogo huvumilika kuliko wa kupapasa, ambao humtekenya. Jambo lenye nguvu kuliko yote ni kutimiza ahadi ya hesabu: ukisema tano, ondoa mswaki ukifika tano, hata kama umepata nafasi ya kuendelea. Mtoto anapojua mwisho uko wapi, huacha kukimbia mwanzo. Baadaye hesabu hupanda hadi 10, kisha 20.

Mahali, saa na mpangilio visibadilike. Panga vitu juu ya kigoda kwa utaratibu uleule: kikombe, mswaki, dawa, kitambaa. Kila kinachotumika kihamishiwe upande wa pili, naye ataona kazi inavyopungua. Maneno yawe machache na yaleyale: “Sasa juu. Sasa chini. Tumemaliza.”

Kumshika mtoto kwa nguvu humfundisha kwamba mswaki ni vita, na hatua zote zilizopatikana hupotea. Wakati wa mazoezi haya, ambayo huweza kuchukua wiki kadhaa, kingeni meno yake kwa njia nyingine: soda, juisi na pipi viachwe, na baada ya chakula cha usiku apewe maji pekee.

Dawa nyingine anazotumia

Msichana wetu ana kifafa pia, na hunywa dawa ya maji yenye sukari kila usiku. Ipewe kabla ya kupiga mswaki, si baada yake. Iwapo dawa yake ni fenitoini, kagua fizi kati ya meno ya mbele kila wiki, kwa kuwa dawa hiyo huweza kuzivimbisha hadi zikaanza kufunika meno. Fizi zinazosafishwa vizuri huvimba kidogo zaidi. Ukiona uvimbe, mweleze mtoa huduma wa afya, lakini usiikatize dawa wewe mwenyewe, kwani degedege linaweza kurudi kwa nguvu.

Kutofautisha ukaidi na maumivu

Mtoto asiyezungumza hatasema jino linauma. Aliyekuwa akikubali mswaki na ghafla akakataa, anayetafuna upande mmoja, anayejipiga shavuni, anayeamka usiku bila sababu au anayekataa uji wa moto au maji ya baridi, achunguzwe. Fizi kutoka damu kidogo katika wiki ya kwanza ya kupiga mswaki si sababu ya kuacha. Damu ikiendelea baada ya wiki mbili, au ukiona usaha, uvimbe wa shavu au homa, mpeleke zahanati na uulize kliniki ya meno iliyo karibu. Uvimbe wa shavu ukiambatana na homa usisubiri siku ya pili.

Ukienda, mweleze daktari mkao unaomfaa mtoto, idadi ya kuhesabu aliyoizoea na dawa anazotumia, na ubebe mswaki wake. Mtoto asiyetulia kabisa huweza kuhitaji kung’olewa au kuzibwa meno akiwa katika usingizi wa nusukaputi, huduma ambayo zahanati haina na humlazimu mlezi kusafiri hadi hospitali kubwa. Dakika mbili za mkekani kila usiku ndizo zinazopunguza uwezekano wa safari hiyo.