Benki ya zamani, mrithi ni nani?

Tuseme hati ya nyumba ya marehemu mzee wenu imeandikwa rehani kwa NBC mwaka 1989. Deni lililipwa, mnataka rehani ifutwe. Wengi huenda tawi la NBC lililo karibu, kwa kuwa jina ni lile lile. Jina ndilo linalopoteza watu.

NBC ya 1989 haikuwa kampuni. Lilikuwa shirika la umma lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, benki binafsi zilipotaifishwa na shughuli zake kukusanywa mahali pamoja. Kwa hiyo ukilitafuta BRELA kati ya kampuni zilizosajiliwa hutalipata. Kuzaliwa kwake na kuvunjwa kwake kumo katika sheria za Bunge na matangazo ya Gazeti la Serikali.

Mwaka 1997 sheria ililigawa sehemu tatu: NBC (1997) Limited, NMB, na NBC Holding Corporation. Hapa swali la kuuliza ni nani alirithi nini. Amana, mikopo, majengo na wafanyakazi havikwenda vyote upande mmoja. NMB ilichukua matawi mengi ya wilayani, kwa hiyo mteja wa mji mdogo huenda faili lake liko huko. Holding ilibaki na mali na madeni ambayo benki hizo mbili hazikupewa. Baadaye mali na madeni hayo yaliangukia Consolidated Holding Corporation, na hatimaye Msajili wa Hazina.

Kuna mchepuko mmoja unaosahaulika. Kabla ya mgawanyo, kuanzia mwaka 1991, mikopo iliyokwama ilianza kuhamishiwa LART, chombo cha serikali cha kukusanya madeni mabaya. Basi tazama risiti ya mwisho ya malipo: ina mhuri wa nani, na ya tarehe gani? Mhuri wa LART unamaanisha kwamba deni lilikwisha kutoka benki, na hakuna meneja wa tawi atakayelikuta kwenye vitabu vyake.

Usichanganye kugawanywa na kuuzwa. Mwaka 2000 Absa ya Afrika Kusini ilinunua asilimia 55 ya hisa za NBC. Wenye hisa walibadilika, lakini hilo peke yake halionyeshi nani alirithi rehani ya zamani. Absa Bank Tanzania ni kampuni nyingine kabisa, iliyoitwa Barclays hapo awali. Wala Barclays hiyo, iliyofunguliwa mwaka 2000, haikuwa mrithi wa ile iliyotaifishwa mwaka 1967.

Ukishampata anayeelekea kuwa mrithi, mwombe kwa barua aonyeshe kifungu au tangazo lililompa rehani hiyo. Msajili wa Hati hatafuta rehani kwa kuona jina linafanana. Atataka saini ya mwenye haki, pamoja na karatasi inayoonyesha jinsi haki hiyo ilivyomfikia kutoka shirika la 1967.