Dondoo muhimu: Pima mkopo kwa jedwali la Excel kabla ya kusaini

Tuseme unakopa shilingi 5,000,000. Andika kiasi hicho B1, riba ya mwaka 18% kwenye B2, miezi 24 kwenye B3, na kwenye B4 andika:

```
=-PMT(B2/12,B3,B1)
```

Rejesho ni takriban 249,621 kwa mwezi.

Kuona athari ya riba peke yake, panga viwango vya riba D3 hadi D6, na kwenye E2 andika `=B4`. Chagua D2:E6, fungua Data > What-If Analysis > Data Table, kisha jaza B2 kwenye Column input cell tu.

Ukitaka riba na muda kwa pamoja, `=B4` ikae kwenye kona, G2. Riba zishuke chini yake, miezi iende kulia. Chagua eneo lote, kisha Row input cell iwe B3 na Column input cell iwe B2. Ukizibadilisha nafasi, Excel itasoma miezi kama riba na majibu yatakuwa ya ajabu.

Namba zote zikifanana, huenda riba umeiandika ndani ya fomula badala ya kutaja B2, au hesabu za majedwali zimezimwa; hapo bonyeza F9.

Usivutiwe na rejesho dogo pekee. Kwa miezi 36 linashuka hadi 180,762, lakini jumla utakayolipa inaongezeka kwa takriban shilingi 516,500. Hesabu hii ni ya riba ya salio linalopungua, hivyo muulize mkopeshaji kwanza kama yake inakokotolewa hivyo.