Jumanne: Udongo, Damu au Mti?

Soma Mwanzo 2:7, 18–23. Mtu alifanywa kwa kitu gani? Mwanamume alikuwa akifanya nini mwanamke alipoumbwa?

Masimulizi ya uumbaji hutofautiana, na mara nyingi kitu kilichotumika kumuumba mtu huonyesha wasimulizi walivyomwona mwanadamu.

Tuanze na mti. Mwaka 1906 msomi Mjerumani, Karl Weule, aliandika simulizi la Wamakonde wa kusini mwa nchi yetu. Mtu mmoja aliishi porini peke yake, haogi wala hanyoi. Akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha karibu na makao yake. Usiku sanamu ikawa mwanamke, naye akamwoa. Walikaa kando ya Mto Ruvuma, mtoto wao akazaliwa amekufa. Wakahamia bonde la Mbemkuru, na wa pili pia akafa. Walipopanda nyanda za juu, mtoto wa tatu akaishi.

Upweke wa mtu huyu ni ule wa Mwanzo 2:18. Tofauti iko katika mkono uliochonga. Mchongaji aweza kusema, “Sanamu hii ni yangu.” Wamakonde wenyewe hawakufikia hapo, kwa maana ukoo wao hufuata mama, kama ilivyo kwa Waluguru. Hata hivyo, wapo waume wanaosema hivyo juu ya wake zao. Katika Mwanzo, Adamu alikuwa amelala usingizi mzito. Hakushika chombo chochote, wala hakuna anachoweza kudai. Alipoamka alimtambua mwenzake kuwa mfupa na nyama yake mwenyewe.

Babeli ya kale ilitaja damu. Katika utenzi wa Atrahasisi, ulioandikwa kwenye vibao vya udongo zaidi ya miaka 3,600 iliyopita, miungu midogo ilichoka kuchimba mifereji, ikagoma. Mungu mmoja akachinjwa, nyama na damu yake vikachanganywa na udongo, wakapatikana wanadamu wa kubeba kazi ile. Hivyo mtu ana kitu cha kimungu ndani yake, lakini amezaliwa awe mtumwa.

Mwanzo unataja mavumbi ya ardhi. Kwa Kiebrania mtu ni adamu na ardhi ni adama. Wafinyanzi wa milima yetu ya Uluguru wanajua kwamba chungu kibichi kikilowekwa hurudi kuwa udongo, bali kilichochomwa hakirudi tena. Mwanzo 3:19 unasema sisi tunarudi. Hakuna damu ya mungu aliyeuawa ndani yetu. Uhai wetu ni pumzi tuliyopewa. Hata kazi ya bustani, katika Mwanzo 2:15, inatajwa baada ya pumzi hiyo.

Maswali ya kujadili:

1. Ikiwa Adamu alikuwa amelala, mume anayesema “mke ni mali yangu” anajiweka mahali pa nani?

2. Je, wafanyakazi wako wa shambani au nyumbani unawatendea kama watu wa pumzi, au kama wale wa Atrahasisi?