Kupakua Mfululizo Mzima wa Masomo bila Kuchanganya Namba

Safu hii nimeombwa nieleze namna ya kupakua mfululizo mzima wa mihadhara kutoka YouTube kwa programu ya yt-dlp. Wengi wetu hapa Kigali tunaitumia tayari. Waifai ya chuo inapatikana saa kadhaa, nyumbani Nyamirambo au Kicukiro mtu anategemea kifurushi cha simu, kwa hiyo video inayotazamwa mara tatu kabla ya mtihani ni heri ipakuliwe mara moja. Kupakua si kazi ngumu. Kazi ni usiku wa pili, pale mtandao ulipokatika katikati na inabidi kuendelea: faili zitakaa kwa mpangilio, na zile ulizonazo hazitapakuliwa upya?

Nitachukua mfano wa kozi ambayo wanafunzi wa hisabati na uhandisi wanaijua, aljebra ya mstari ya Profesa Gilbert Strang wa MIT, namba yake 18.06, iliyorekodiwa mwaka 1999. Nimeichagua kwa sababu mbili. MIT OpenCourseWare imeitoa kwa leseni ya Creative Commons inayoruhusu kunakili na kugawana bila biashara, mradi umtaje mwenyewe. Hilo ni jambo la haki ya mtu, na masharti ya YouTube kwa kawaida hayaruhusu kupakua bila idhini, basi angalia leseni kabla ya kuanza. Sababu ya pili ni kwamba kozi hii ina mtego mdogo wa namba ambao tutaufikia.

Hakikisha kwanza una toleo jipya la yt-dlp, kwa sababu YouTube hubadilika mara kwa mara na toleo la miezi sita iliyopita huweza kugoma kabisa. Pia weka ffmpeg, ambayo huunganisha picha na sauti zinazokuja mbalimbali, na Deno, ambayo yt-dlp inaihitaji kwa YouTube tangu Novemba 2025. Kisha tengeneza folda moja ya kozi, na ndani yake andika faili ya maandishi uiite `somo.conf`:

```
-S res:480
--download-archive zilizopo.txt
-o "%(playlist_index)03d - %(title)s [%(id)s].%(ext)s"
```

Fungua terminali ndani ya folda hiyohiyo na uandike:

```
yt-dlp --config-locations somo.conf "KIUNGO"
```

Mahali pa `KIUNGO` weka anwani ya orodha yenyewe, ile yenye `playlist?list=`. Usiache alama za kunukuu. Anwani nyingi zina alama ya `&`, na bila nukuu terminali huikata anwani hapo hapo, ukajikuta unapakua video moja tu badala ya orodha. Mstari wa kwanza wa faili yetu unaomba ubora usiozidi mistari 480, ambao kwa mwalimu anayeandika ubaoni unatosha na unaokoa kifurushi. Mistari miwili inayofuata ndiyo moyo wa somo.

Tuanze na namba. Sehemu ya `%(playlist_index)03d` inasema: chukua nafasi ya video ndani ya orodha, uiandike kwa tarakimu tatu. Tarakimu tatu ni kwa ajili ya redio ya gari, televisheni na baadhi ya simu, ambazo hupanga majina kwa herufi na kuiweka 10 kabla ya 2. Ukiandika 002 na 010 tatizo linaisha.

Lakini kuna namba nyingine inayofanana nayo, `autonumber`, na watu huichukua kwa sababu jina lake linavutia. Hiyo haihesabu nafasi katika orodha, inahesabu ni video ngapi programu imepakua tangu ulipoiwasha. Ndugu mmoja wa mwaka wa pili aliniletea folda ya mihadhara ya kozi hii: usiku wa kwanza alipata 14, umeme ukazimika, usiku wa pili akaendelea. Mhadhara wa 15 ulikuwa umeandikwa 00001, wa 16 ukawa 00002, na kuendelea hivyo. Mbele ya kila namba kulikuwa na mihadhara miwili tofauti. Faili zote zilikuwa nzima, mpangilio ndio uliopotea. Ukiona folda yenye namba zinazojirudia kuanzia moja, sababu yake karibu kila mara ni hiyo. Nafasi ya video katika orodha haijali umeanza leo au jana, mhadhara wa 15 utabaki 015 hata ukiupakua peke yake.

Sasa ule mtego. Kozi ya Strang ina mihadhara 34, lakini baada ya wa 24 kuna mmoja ulioitwa 24b, wa marudio ya jaribio la pili. Kama orodha yako inaanza na mhadhara wa kwanza, 24b unakaa nafasi ya 25, na mhadhara wa 25 unaohusu matriki linganifu unapata 026. Usiogope ukiona jina kama `026 - 25. Symmetric Matrices and Positive Definiteness`. Namba ya kwanza ni ya orodha, ya pili ni ya mwalimu. Mkitumiana ujumbe kwenye kundi la WhatsApp mkubaliane mnataja ipi, la sivyo mmoja atasoma jambo ambalo mwenzake hajalifikia.

Tuje kwenye kuruka zilizopo. yt-dlp ina njia mbili za kujua kwamba video unayo tayari. Njia ya kwanza inafanya kazi bila kuiomba: kabla ya kupakua, inatazama kama kuna faili yenye jina lilelile, na ikiikuta inaandika `has already been downloaded`. Udhaifu wake ni kwamba inategemea jina. Ukihamishia faili kwenye flashi ili kupata nafasi, au ukibadilisha jina, programu haioni kitu na inaanza upya. Njia ya pili ndiyo ile ya `--download-archive`. Kila video ikishakamilika, pamoja na kuunganishwa picha na sauti, mstari mmoja unaongezwa ndani ya `zilizopo.txt`:

```
youtube J7DzL2_Na80
```

Hizo herufi 11 ni kitambulisho cha video, nacho hakibadiliki hata mwenye video akiibadilisha kichwa au akaihamisha nafasi. Usiku unaofuata programu inasoma daftari hilo kwanza, na kwa kila kitambulisho kilichomo inaandika `has already been recorded in the archive` na kupita bila kugusa kifurushi chako. Video iliyokatika katikati haimo daftarini. Inabaki kama faili yenye mkia wa `.part`, na programu huiendeleza pale ilipoishia. Usiifute.

Faida kubwa ni kwa wenye laptopu ndogo. Hamisha mihadhara kumi kwenye flashi, futa kwenye laptopu, endesha amri ileile, nayo itaanza na wa 11. Kwa upande mwingine, ukifuta video kwa bahati mbaya, daftari bado linadai unayo. Dawa ni kufungua `zilizopo.txt`, kufuta mstari wa kitambulisho hicho, na kuendesha tena. Kwa kuwa tumeweka `[%(id)s]` mwishoni mwa jina la faili, ni rahisi kujua mstari upi ni wa video ipi.

Angalia pia unaposimama. Kwa kuwa tumeandika `zilizopo.txt` bila njia kamili, programu inalitafuta daftari katika folda ambayo terminali imefunguliwa. Ukiendesha kutoka folda nyingine na kuielekeza kwenye `somo.conf`, itatengeneza daftari jipya tupu na kuanza na mhadhara wa kwanza. Dalili yake inaonekana ndani ya sekunde chache: mistari ya `recorded in the archive` haitokei. Bonyeza Ctrl na C, rudi kwenye folda sahihi.

Kozi ya MIT imetulia, haiongezwi kitu. Orodha ya mwalimu anayeendelea kufundisha ni jambo jingine. Tuseme una video 20, naye akaingiza mpya kwenye nafasi ya 12. Daftari litazuia usipakue upya zile 20, vizuri. Lakini ile mpya itakuja na namba 012 wakati una 012 nyingine, na video itakayofuata itaandikwa 022, bila kuwapo 021. Namba mbili zinazofanana na pengo mbele yake: hiyo ndiyo alama ya orodha iliyosogezwa. Kuona mpangilio wa sasa bila kupakua chochote, andika:

```
yt-dlp --flat-playlist --print "%(playlist_index)03d %(id)s %(title)s" "KIUNGO"
```

Linganisha vitambulisho na majina ya faili zako, kisha badilisha namba kwa mkono. Kwa video tisa ni dakika tano. Pengo peke yake, bila namba ya kujirudia, lina maana nyingine: video hiyo ilikataa kupakuliwa, labda mwenyewe ameificha. yt-dlp hupita na kuendelea na nyingine, na kwa kuwa haikuingia daftarini itajaribiwa tena kila unapoendesha amri.

Hali ngumu zaidi ni ya wahadhiri wanaoweka kipya juu ya orodha. Hapo kila wiki nafasi ya kila video husogea kwa moja, na `playlist_index` haifai kabisa. Geuza orodha, na tumia namba ya foleni:

```
-I ::-1
-o "%(playlist_autonumber)03d - %(title)s [%(id)s].%(ext)s"
```

Mstari wa kwanza unaongezwa kwenye `somo.conf`, wa pili unachukua nafasi ya ule wa zamani. `-I ::-1` inaanza na video ya chini kabisa, yaani ya kale zaidi, na `playlist_autonumber` inahesabu foleni hiyo kuanzia moja. Tofauti na ile `autonumber` iliyomtesa ndugu yetu, hii huhesabu pia zile zinazorukwa kwa sababu zimo daftarini. Kwa hiyo ya kale hubaki 001 daima na ya wiki hii inapata namba inayofuata, mradi mwenye orodha asifute kitu katikati.

Ukiwa na kozi kadhaa, ipe kila moja folda yake, `somo.conf` yake na `zilizopo.txt` yake. Daftari moja la kozi zote linawezekana, lakini video iliyomo katika orodha mbili itapakuliwa kwenye moja tu, na ile nyingine itabaki na pengo ambalo utalitafutia sababu kwa muda mrefu.